Ubao Uliocheka

Baba yangu alizaliwa Gesima, juu kule ambako ukungu hauondoki hadi saa nne za asubuhi, kabla chai haijapandwa katika shamba lolote la jirani yake. Mama yangu alizaliwa Mosocho, akaletwa Gesima kwa ng'ombe saba na mbuzi ambao hesabu yao ilibishaniwa mpaka wote waliobishana wakafa. Majina yao usiyaandike. Anayewajua anawajua, na asiyewajua hayatamsaidia. Andika tu kwamba hawakusoma, na kwamba mimi, mwana wao wa kwanza, nilipewa ng'ombe wa kuchunga ili wadogo zangu wapewe madaftari. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nayasema kwa sababu yanahusu ubao.

Useremala niliupata Kericho, katika kambi za chai, kwa kumshikia mbao fundi mmoja mzee hadi siku aliponiachia msumeno. Kiswahili pia nilikipata huko, kwa sababu kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na baadaye kanisani, kwa mahubiri ya kila Sabato. Sijui kuandika inchi, lakini naijua inchi. Nina kamba yenye mafundo na fimbo yenye alama, na hakuna mlango wa jengo la kanisa letu unaokwaruza sakafu.

Nyumba hii unamoandikia niliijenga mwenyewe. Nguzo zake ni mkaratusi, moja kila baada ya futi mbili. Katikati ni fito na udongo, na juu ya udongo ni plasta ya simiti. Mgeni akiuona ukuta huu atadhani ni wa mawe. Mimi niliyezichimbia nguzo hizo mashimo najua kila moja iliposimama, kama mtu ajuavyo meno yake kwa ulimi. Kumbuka hilo, maana ndilo linalonihukumu.

Mama yako alikuwa binti yangu wa pekee. Alisoma, akawa mwalimu wa Kiswahili, akaolewa upande wa Suneka, na baada ya miaka tisa akarudi. Sababu za kurudi kwake ni zake na sitaziweka hapa. Alirudi na wewe, ukiwa na meno mawili yaliyong'oka mbele, sanduku moja la nguo, na katoni kumi na nne za vitabu.

Dada yangu alikuwapo siku hiyo. Unamjua ulimi wake. Aliihesabu kila katoni ilipopita mlangoni, kisha akasema, "Wenzake hurudi na mabati. Huyu amerudi na mahari ya karatasi."

"Ni vitabu, shangazi," mama yako akamjibu.

"Naviona. Utavipika na nini, na kunde au na mboga za managu?"

Mama yako alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na aibu ya binti aliyerudi nyumbani, na aibu ya mzee hutafuta mahali pa kukalia. Yangu ilikalia vile vitabu. Aliponiomba rafu, niliona kama ameniomba nitangaze ukutani kwamba amerudi na haondoki.

Nilimtengenezea. Lakini sikiliza nilivyotengeneza, na uandike kama ninavyosema, bila kunionea huruma. Nilichukua mbao mbili za saiprasi, kila moja ya futi sita, zenye unene mdogo, na hazijakauka vizuri. Ubao mbichi ukitwikwa mzigo hujifunza kupinda jinsi mtoto anavyojifunza tabia mbaya, taratibu na kwa raha. Kwa kila ubao niliweka breketi mbili tu, moja kila ncha, bila kitu katikati. Na breketi zenyewe nilizigeuza: mkono mrefu, ambao haki yake ni kulala ukutani, niliuweka chini ya ubao, na ule mfupi ndio nikaupigilia ukutani. Skrubu nilizotumia zilikuwa fupi. Na zile ncha zote, kulia na kushoto, ziliangukia kati ya nguzo na nguzo, penye plasta na udongo tupu.

Nilijua. Sikugonga ukuta hata mara moja kusikiliza, kwa sababu sikuwa na haja ya kusikiliza. Nilijua hapo hapana nguzo. Nilikaza skrubu kwa hasira mpaka vumbi la udongo likanidondokea mkononi, nikasema moyoni, haya, rafu ndiyo hii. Mama yako alinishukuru. Alivipanga vitabu siku mbili nzima, vile vinene katikati, ili avifikie akiwa ameketi kwenye meza yake iliyokuwa chini ya ubao wa kwanza, ule wa chini.

Mvua za masika zilipokwisha, alinijia nikinoa randa uani.

"Tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu, maana hakuacha kuniita hivyo hata mbele ya walimu wenzake, "ubao umeanza kucheka."

Sikumwelewa. Akaweka kidole kwenye mdomo wake, akachora pembe zikipanda juu na katikati ikishuka. "Hivi. Unacheka. Njoo uuone."

"Punguza vitabu, utanyamaza."

"Nipunguze vipi?"

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Hapana, Tata. Nakuuliza tu."

Akaenda. Kila baada ya wiki kadhaa alinikumbusha, si kwa kulalamika, bali kwa mzaha uleule. Ubao umecheka zaidi leo. Ubao sasa unaonyesha magego. Na siku moja akasema kwamba breketi ya juu, ya kulia, nayo imeanza kuchungulia nje. Hapo nilipaswa kuinuka. Fundi yeyote anajua maana ya maneno hayo: mzigo unapouvuta ubao chini, skrubu ya chini ya breketi husukumwa ukutani, lakini ile ya juu huvutwa nje. Ikiwa imeshika mti, itakaa. Ikiwa imeshika udongo, hutoka kidogo kidogo, na tundu lake hupanuka, mpaka siku moja haijashika chochote. Nilimwambia nitautazama Jumapili.

Jumapili ile nilikuwa kanisani, nikipima kazi. Wazee waliniomba kabati la vitabu vya nyimbo, nami niliwatengenezea kabati ambalo lingali linasifiwa. Mbao zake nilizikausha miezi mitatu. Kila futi mbili niliweka mhimili. Chini ya kila ubao, upande wa mbele, nilipitisha ubao mwembamba uliosimama kwa ubavu, wenye gundi na skrubu, ili ubao wa juu yake usipate nafasi ya kushuka. Sabato lilipozinduliwa, mchungaji aliomba baraka juu ya mikono yangu mbele ya watu wote. Mama yako aliitikia amina, ameketi safu ya akina mama, na akanitazama.

Kuna jambo jingine, na hili nilitaka kuliacha. Jioni moja mama yako aliniambia anataka kuanzisha darasa kanisani, baada ya mavuno, la wazee wasiojua kusoma. Akaniomba niwe wa kwanza, ili wengine wasione haya.

"Darasa la gumbaru," nikasema.

"Ni la watu wazima, Tata."

"Watu wataliita gumbaru. Na mimi wataniita gumbaru. Nimejenga nyumba za watu arobaini bila kusoma."

"Ndiyo maana ninakutaka wewe. Wakikuona wewe, watakuja."

Nikamwambia kwamba neno hilo halitatajwa tena ndani ya nyumba yangu. Halikutajwa. Mama yako alikuwa mtiifu kwa namna ambayo leo naiona kuwa ilikuwa adhabu yangu.

Baada ya muda niliona amesimamisha rundo la vijitabu juu ya meza, limefungwa kwa kamba ya katani, na limefika hadi karibu na ubao wa chini, kimo cha shubiri moja. Juu ya rundo aliingiza kipande cha mbao, kimekazwa kama kabari. Nikadhani ni madaftari ya wanafunzi wake. Nilichokiona zaidi ni kabari. Ilikuwa mabaki ya saiprasi niliyoyatupa nyuma ya jiko wakati wa kutengeneza kabati la kanisa. Nilielewa kwamba ameacha kuningoja. Nikakasirika kwa sababu kabari ilikuwa imekaa sawasawa.

Aliugua mwezi wa Novemba. Homa, kisha damu, kisha maneno ambayo daktari aliyasema na wewe ukayatafsiri ukiwa na miaka tisa, umri ambao mtoto hapaswi kuyatafsiri. Kabla hatujamtoa kitandani kumpeleka hospitali ya Kisii, aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Tata, ule wa juu. Mtoto hukaa chini yake akisoma."

"Nitaufunga Jumapili," nikasema.

Tulimleta nyumbani siku ya Alhamisi, ndani ya jeneza ambalo sikulitengeneza mimi, kwa kuwa mikono yangu ilikataa.

Watu walijaa sebule hii. Waliimba, walilia, na mimi nikaketi kwenye kiti kile kinachoutazama ukuta. Kila mtu alikuwa na huzuni usoni isipokuwa ubao. Ubao ulikuwa unacheka. Pembe zake zilipanda juu, katikati umeshuka, vitabu vimeegemeana kana kwamba vinanong'onezana, nao unacheka mbele ya jeneza lake. Hapo ndipo nilipolielewa neno lake, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimelielewa.

Siku ya tisa baada ya mazishi dada yangu alikuja. Alitazama breketi ya juu. Kichwa cha skrubu kilikuwa nje kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na plasta imepasuka kuizunguka.

"Mwana wa mama," akaniambia, na safari hii ulimi wake ulikuwa mpole, "hivi vitu vitamwangukia mtoto. Wape wauza njugu wa sokoni wafungie njugu. Na mtoto akaishi kwangu, kuna wenzake. Nyumba hii ina baridi ya kifo."

Ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai. Unakumbuka ulichosema? Naandikisha ulichosema, usikipunguze. Ulisema, "Vikiondoka vitabu, naondoka. Lakini siendi kwako, nyanya. Nitaenda vitakakokwenda."

Dada yangu akasema mtoto amekosa adabu. Mimi nikasema, "Nipe siku tatu."

"Za nini?"

"Za kufunga ubao."

"Umekuwa na miaka miwili," akasema. Alikuwa sahihi.

Basi asubuhi iliyofuata tuliteremsha vitabu, mimi na wewe. Ulitaka kuanza na vya chini kwa kuwa ndivyo unavyovifikia, nikakukataza. Mzigo hupunguzwa kuanzia juu, hasa breketi ya juu inapokuwa mgonjwa. Ulinipa kimoja kimoja ukinisomea majina yake, nami nikavipanga sakafuni kwa uzito, maana uzito ndiyo herufi niijuayo. Ulipomaliza vya juu na vya chini, nilishika ubao wa juu kwa mkono wa kushoto na breketi kwa mkono wa kulia ili niitafutie bisbisi. Sikuhitaji bisbisi. Breketi ilitoka ukutani kama jino la mtoto, na udongo ukamwagika kwenye viatu vyangu. Ilikuwa imebaki kwa mazoea tu.

Kisha tukafika kwenye rundo la mezani. Nilipigapiga kabari kwa ubavu wa nyundo, ikatoka, na ubao wa chini ukashuka hapo hapo kwa unene wa kidole. Ukaikata kamba ya katani.

"Babu, haya si madaftari."

"Ni nini?"

Ulisoma kimya kwanza. Sijapenda tabia hiyo ya kusoma kimya. Nikakuambia usome kwa sauti.

"Kitabu cha kwanza cha kusoma. Cha watu wazima." Ukafungua kingine. "Vyote ni hicho hicho, Babu. Viko ishirini. Ameandika majina ya watu kwa penseli. Huyu ni mama wa jirani. Huyu ni yule mzee wa kanisa mwenye fimbo."

"Na cha kwanza, kile cha chini kabisa?"

Ulikichukua, ukakifungua.

"Ni chako," ukasema.

Nilikaa kwenye sakafu kati ya vitabu. Vitabu nilivyovikataa ndivyo alivyoviweka kufanya kazi niliyoikataa. Hakuvitupa, hakuvirudisha, hakunisuta navyo. Aliviweka chini ya mzigo, kimya, na changu akakiweka chini ya vyote.

Baada ya hapo nilinyanyuka, maana kulia hakushiki breketi. Na kwa kuwa hutapata baba wa kukufundisha haya, yaandike vizuri.

Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ingawa nilijua. Nilifanya ili wewe usikie. Penye udongo sauti ni nzito na fupi. Penye nguzo hujibu kwa ukali. Nguzo tatu zinapita nyuma ya ubao ule: moja futi moja kutoka ncha ya kushoto, moja katikati kabisa, moja futi moja kutoka ncha ya kulia. Zilikuwa pale siku zote, zinangoja. Tukazijaribu kwa msumari mwembamba. Ya kushoto na ya kulia ziliukataa msumari, zikataka nyundo. Ile ya katikati, kwa upande wa juu ilikuwa nzima, lakini karibu na ubao wa chini msumari ulizama kama katika uji. Mchwa. Kwa ubao wa juu, basi, nilifunga breketi tatu moja kwa moja kwenye nguzo tatu. Kwa ubao wa chini nililaza ukutani ubao mwingine mnene, nikaukaza kwenye nguzo mbili nzima kwa skrubu ndefu, kisha breketi zote tatu nikazifunga kwenye ubao huo. Ukuta ukiwa mgonjwa mahali pamoja, mtwike mzigo aliye mzima jirani yake.

Mkaratusi mkavu ni mgumu. Ukiingiza skrubu bila kutoboa kwanza, itakatika kichwa. Toboa kwa keekee tundu jembamba kuliko skrubu, kisha ipake skrubu sabuni ya kufulia. Mkono mrefu wa breketi uende ukutani, safari hii. Yale matundu ya zamani tuliyaziba kwa udongo na simiti, na ulitaka kuyapaka chokaa, nikakataa. Yaonekane.

Mbao hatukuzitupa. Zilikuwa zimekauka katika kicheko chao na hazingenyooka zenyewe. Tulizigeuza, tumbo likawa juu, ili uzito uzisukume kurudi kwenye mstari. Chini ya kila moja, kwa mbele, nikapitisha ubao mwembamba uliosimama, kwa gundi na skrubu, kama nilivyofanya kwenye kabati la kanisa. Uliuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo. Nikakuambia shika pimamaji vizuri. Leo nakujibu: kwa sababu nilimkasirikia mama yako kwa kurudi nyumbani kwake.

Siku ya tatu dada yangu alikuja akaukandamiza ubao kwa mikono yote miwili, kisha akauegemea kwa uzito wake wote, na unajua ni uzito gani. Ubao haukusogea. Alitazama matundu yaliyozibwa, akanitazama mimi.

"Mtoto abaki," akasema. Akaenda jikoni kutafuta chai, na nikamsikia akilia huko peke yake.

Ubao sasa haucheki tena. Uliniambia hivyo ukidhani utanifurahisha. Nimekaa mbele yake jioni nyingi, umenyooka kama mstari wa pimamaji, na sijaona kitu kilichonyamaza namna hiyo.

Sasa, maagizo ya kuyashika.

Vitabu vizito viweke juu ya breketi, si kati ya breketi, na vingi viwe ubao wa chini. Kamba yangu yenye mafundo ni yako, usiifungie mbuzi. Pimamaji ni yako pia. Breketi ile iliyotoka kwa mkono iko ndani ya kopo la misumari, usiitumie kwa kazi yoyote na usiitupe. Wazee waliobaki kati ya wale ishirini, wakikuuliza, waambie mama yako alikuwa amewaandika. Mimi sijaanza. Nimejifunza umbo la jina langu tu, kwa kuwa liko kwa mwandiko wake.

Na lile rundo. Nimelirudisha mezani, lilipokuwa, bila kabari, ingawa ubao hauhitaji tena kushikiliwa. Changu kiko chini. Kati ya rundo na ubao kuna nafasi, na kidole chako kinapita. Kila Jumapili pitisha kidole. Siku kitakapogusa juu na chini, ujue ubao umeanza tena. Siku hiyo hiyo teremsha vitabu, kuanzia juu, na usimngoje mtu atakayekuambia Jumapili.